Shajara ya mradi: maneno ya kuzuia kwenye matangazo ya pampu za maji, Arusha

Jumatatu, 7 Julai: hali ilivyo

Duka liko Arusha mjini. Linauza pampu za maji za shambani: za sola za kuzamisha kisimani, za petroli za inchi 2 na inchi 3 za kuvuta maji mtoni au mferejini, pamoja na mipira na viungio vyake. Upande mmoja wa duka kuna mashine za kuoshea magari. Wateja ni wakulima wa mboga wa Usa River na Ngaramtoni, na wengine wanakuja kutoka Mto wa Mbu. Ni kiangazi, kwa hiyo huu ndio msimu wa kuuza, na matangazo yanatakiwa yafanye kazi sasa hivi, si Novemba.

Kampeni ya Google Ads ni moja, bajeti shilingi 8,000 kwa siku. Maneno ya kulipia ni mawili tu, `pampu ya maji` na `water pump`, yote yamewekwa kwa ulinganifu mpana. Maana yake Google ina ruhusa ya kuonyesha tangazo kwa mtu yeyote ambaye inaona anatafuta kitu kinachokaribiana na hayo. Na neno pampu, kwa Kiswahili cha hapa, linabeba mizigo mingi. Kazi yetu ni kuandaa maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyaandika tangazo halitoki.

Dada wa kaunta alikuwa amekwisha kuujua ugonjwa kabla yetu, kwa sababu simu zinaingia kwake. "Shikamoo mama, water pump ya Noah ipo?" "Marahaba mwanangu, hapa ni za shambani." Kila simu ya namna hiyo imetanguliwa na kliki, na kliki imelipiwa.

Tumemwomba aweke daftari karibu na simu: kila anayeulizia kitu kisichouzwa dukani, aandike maneno yake kama yalivyotamkwa, asiyasafishe. Hilo daftari litahitajika kuliko linavyoonekana, sababu iko hapa chini.

Jumanne, 8 Julai: ripoti ya maneno waliyoandika watu

Njia ni `Campaigns`, halafu `Insights and reports`, halafu `Search terms`. Tumechagua siku 30, tukapanga kwa gharama kuanzia kubwa, tukapakua faili na kuifungua kwenye Google Sheets. Usichanganye ripoti hii na ile ya `Search keywords`. Ile inaonyesha maneno uliyoyanunua wewe. Hii inaonyesha alichoandika mtu mwenyewe kwenye simu yake.

Siku 30 zimeleta kliki 600 kwa shilingi 240,000, wastani wa shilingi 400 kwa kliki. Katika hizo 600, zinazoonekana kwa maneno yake ni 410. Nyingine 190 zimerundikwa kwenye mstari mmoja wa jumla bila kusema watu waliandika nini, kwa kuwa Google haionyeshi utafutaji ulioandikwa na watu wachache mno. Ndiyo maana ya daftari la kaunta: baadhi ya maneno yaliyofichwa kwenye ripoti yanajisema yenyewe kwenye simu.

Katika zile 410, kliki 164 ni za watu waliotaka kitu kingine kabisa. Wa vipuri vya gari ni 71. Wanaotafuta pampu ya kukamulia maziwa ya mama ni 38. Pampu za mafuta, ile ya ndani ya tangi la gari au ile ya kituo cha mafuta, ni 34. Zilizobaki 21 ni mchanganyiko wa nafasi za kazi, michoro ya shule na namna ya kutengeneza pampu kwa chupa ya plastiki. Kwa bei ya wastani hizo ni shilingi 65,600, zaidi ya robo ya fedha zote, na bado hatujajua kilichomo kwenye mafichoni.

Kishawishi kinachofuata ni kuweka alama ya tiki kwenye kila mstari mbaya na kubonyeza `Add as negative keyword`. Inaonekana kazi imekwisha. Ila angalia kinachotokea: maneno yakitoka kwenye ripoti kwa njia hiyo huingizwa yakiwa ndani ya mabano ya mraba, yaani mzuio kamili. `[water pump ya noah bei]` itamzuia anayeandika hivyo hivyo tu. Kesho yake mwingine ataandika `bei ya water pump ya noah`, tangazo litatokea, na shilingi 400 zitaondoka. Kuna akaunti zina mamia ya mistari ya namna hii na matumizi hayajapungua hata kidogo. Kinachotakiwa si kukata majani, ni kutafuta mzizi ambao mistari yote ile inauchangia.

Jumatano, 9 Julai: namna mzuio unavyosoma Kiswahili

Leo hatukugusa akaunti. Tumekaa na orodha, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapojizuia wateja wao wenyewe.

Neno la kuzuia lina namna tatu za kuandikwa:

```
pampu ya mafuta
"pampu ya mafuta"
[pampu ya mafuta]
```

La kwanza, bila alama, ni mzuio mpana. Linazuia utafutaji wowote wenye maneno yote matatu, hata kama yametawanyika au yamepinduka mpangilio. La pili, lenye alama za kunukuu, linazuia pale maneno yanapofuatana vivyo hivyo bila kitu katikati, ingawa mbele na nyuma panaweza kuwa na mengine. La tatu linazuia utafutaji ulio sawasawa na lenyewe, bila kupungua wala kuongezeka.

Sasa chukua mkulima wa Kikwe anayetaka pampu ya petroli. Yeye haandiki petroli. Anaandika `pampu ya maji ya mafuta`, akimaanisha inayotumia mafuta na si umeme. Ukiweka mzuio mpana, huyu anazuiwa: maneno pampu, ya na mafuta yote yamo. Ukiweka alama za kunukuu anapita, kwa kuwa kati ya "pampu ya" na "mafuta" kuna "maji ya". Anayetafuta `bei ya pampu ya mafuta ya ist` anazuiwa kama ilivyokusudiwa. Alama mbili ndogo zimetenganisha mnunuzi wa kweli na mtu wa gereji. Tumechukua ya pili.

Lakini "pampu ya mafuta" haimzuii aliyeandika `pampu za mafuta`. Hapa ndipo Kiswahili kinapomtaabisha mtu aliyejifunzia kazi hii kwenye mifano ya Kiingereza. Neno la kulipia linajipanua lenyewe: wingi, visawe, na mambo yanayokaribiana. Neno la kuzuia halijipanui hivyo. Tangu Juni 2024 Google hulihesabu pia neno lililokosewa tahajia, basi; wingi na visawe bado ni kazi yako. Kwa Kiingereza wingi mara nyingi ni herufi moja mwishoni. Kwetu neno linabadilika mbele, na viunganishi vyake vinabadilika nalo: gari na magari, mtumba na mitumba, ya na za. Vitenzi ndiyo usiseme. Kuzuia `kutengeneza` hakumgusi anayeandika `natengeneza`, `inatengenezwaje` wala `jinsi ilivyotengenezwa`. Kwa macho ya mfumo hayo ni maneno manne yasiyojuana.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu: nomino ndizo zibebe kazi ya kuzuia, kwa umoja na wingi, na vitenzi tuviepuke inapowezekana. Badala ya kufukuzana na sura zote za kutengeneza, tunazuia `chupa`, `mchoro` na `michoro`. Ni maneno machache, na anayetaka pampu ya shamba haandiki chupa.

Alhamisi, 10 Julai: kupima kila neno kabla ya kuliingiza

Kipimo ni rahisi. Kwenye ile faili, safu A ina maneno ya watu, C ina kliki, D ina waliopiga simu au kutuma ujumbe kupitia tangazo. Kila neno tunalofikiria kulizuia linapitishwa kwenye fomula hizi mbili:

```
=SUMIF(A:A,"*gari*",C:C)
=SUMIF(A:A,"*gari*",D:D)
```

Ya kwanza inasema neno limekula kliki ngapi, ya pili inasema limeleta simu ngapi. Kama ya pili si sifuri, simama usome mistari yenyewe. Tahadhari moja: fomula itaikamata `magari` pia kwa sababu ya nyota, wakati mzuio wa `gari` hautaikamata. Faili inakuonyesha ukubwa wa tatizo, lakini kwenye akaunti utaingiza maneno yote mawili.

`gari` imeonyesha kliki nyingi na simu kadhaa ndani yake. Tuliposoma mistari, simu zile ni za watu wa `pampu ya kuoshea gari`, na hicho ni kitu ambacho duka linauza. Ukizuia gari kwenye kampeni nzima, unawafukuza. Usipozuia, vipuri vinaendelea kula. Suluhisho limekuwa kugawa kampeni iwe mbili.

Kampeni ya shambani sasa imezuiwa `gari`, `magari`, `kuoshea`, `kuosha`, `car` na `cars`. Kampeni ya kuoshea magari imeanza upya na shilingi 2,000 kati ya zile 8,000, na maneno yake ya kulipia yamefungwa kwa alama za kunukuu, "pampu ya kuoshea gari" na "mashine ya kuoshea magari", ili isiyafuate maneno ya mbali. Humo tumezuia majina ya magari yanayotembea barabarani kwetu: `noah`, `ist`, `vitz`, `carina`, `corolla`, `rav4`, `hiace`. Anayetaja modeli anataka kipuri, si mashine ya kuoshea. Majina hayo yameingia kwenye kampeni ya shambani pia, maana mtu huandika `water pump noah` bila kutaja neno gari popote.

Tunajua kuna mmoja mmoja atakayepotea, kwa mfano mwenye gari la kusambaza maji anayetafuta pampu ya kupandishia maji tangini. Kwa bei tunayolipa, tumekubali hasara hiyo.

Neno `maziwa` limepita bila ubishi: kliki 38, simu hakuna. Limeingia bila alama, neno moja peke yake, pamoja na `breast`. Neno moja lisilo na alama lina faida ambayo haionekani haraka: linafanya kazi hata kwenye zile kliki zilizofichwa. Hatuhitaji kuona mtu aliandika nini. Maadamu ameandika maziwa popote, tangazo halitoki. Hatukuongeza `mtoto` wala `watoto`, ingawa walikuwemo kwenye mistari mingi ya maziwa, kwa kuwa kazi yao imekwisha kufanywa.

Yafuatayo yamependekezwa tukayakataa. `kazi`, kwa kuwa `pampu ya sola inafanyaje kazi` ni swali la mtu anayekaribia kununua. Tumeingiza "nafasi za kazi", "nafasi ya kazi" na `ajira`. `injini`, kwa sababu wakulima wengi huiita ya petroli pampu ya injini. `bei`, ambalo hushangaza kuona mtu analizuia, lakini wapo. Anayeuliza bei ana pesa mfukoni au anazitafuta. `fundi`, kwa vile mwenye duka amesema vijana wake wanafunga pampu za sola mpaka shambani na wanalipwa kwa kazi hiyo. Hili la mwisho lisingejulikana kwa kutazama faili peke yake. Orodha ya kuzuia lazima isomwe na mtu anayejua kilichopo rafuni.

`kariakoo` lilizua mjadala mrefu. Mtu yuko Arusha anaandika `bei ya pampu ya maji kariakoo`. Mwenzetu mmoja alitaka lizuiwe. Msimamo uliobaki ni kwamba huyu analinganisha bei, na akiona duka lililo umbali wa daladala moja anaweza kuacha kuagiza. Halizuiwi. Kwa walio Dar es Salaam kwenyewe dawa si neno, ni mpangilio wa eneo: tumeweka mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na kwenye chaguo la mahali tumechagua `Presence` peke yake, badala ya ile inayojumuisha walio mbali wenye kupendezwa na eneo hilo.

Ijumaa, 11 Julai: mahali pa kuyaweka

Maneno yasiyofaa kwa bidhaa yoyote ya duka yamewekwa kwenye orodha moja ya pamoja: `Tools`, `Shared library`, `Exclusion lists`. Orodha hiyo haifanyi chochote mpaka iunganishwe na kampeni, hatua ambayo husahaulika kirahisi. Unaandika, unahifadhi, unafunga kompyuta, na matangazo yanaendelea vilevile. Baada ya kuhifadhi, fungua kampeni yenyewe na uhakikishe jina la orodha linaonekana kwenye `Negative keywords`.

Maneno ya kampeni moja tu, kama `gari` na `kuoshea`, yamekaa kwenye kampeni yenyewe. Yakiingia kwenye orodha ya pamoja yataiua ile ya kuoshea magari siku hiyo hiyo.

Nafasi si shida. Orodha moja inabeba maneno 5,000, na akaunti inaruhusu orodha 20. Sisi hatujafika hata 60.

Jumatatu, 14 Julai: dalili za kuzuia kupita kiasi

Siku za kwanza baada ya kuingiza maneno, maonyesho ya tangazo hushuka. Huo ni mwendo wa kawaida. Kinachotakiwa kutazamwa ni kama maonyesho yameshuka lakini kiwango cha wanaobofya kimepanda. Vyote viwili vikishuka, au neno la kulipia likikaa na sifuri wakati jana lilikuwa hai, kuna neno la kuzuia limegongana nalo. Likigongana, la kuzuia ndilo linaloshinda, hata ungepandisha dau mara kumi. Google huonyesha migongano ya wazi kwenye `Recommendations`, pendekezo la kuondoa maneno yanayopingana. Tumepita, hakuna.

Migongano isiyo ya wazi haionyeshwi popote, na kuitafuta ni kazi ya mkono: andika utafutaji kumi ambao mnunuzi halisi angeandika, kisha upitishe mmoja mmoja dhidi ya orodha. Tumefanya hivyo kwa maneno ya wateja waliofika dukani wiki iliyopita, wakiwemo wa `pampu ya maji ya mafuta inchi 3` na `pampu ya sola ya kisima mita 40`. Yote yanapita. Usijaribu hili kwa kutafuta tangazo lako mwenyewe kwenye Google mara kwa mara. Unajaza maonyesho yasiyo na kliki na unachafua takwimu zako. Kuna chombo cha `Ad preview and diagnosis` kwa ajili hiyo.

Jumatatu, 21 Julai

Daftari la kaunta limeleta neno ambalo ripoti haikulionyesha: watu watatu wameulizia pampu ya upepo, ya kujazia tairi la baiskeli na bodaboda. `upepo`, `tairi` na `matairi` yamepita kwenye kipimo na kuingia kwenye orodha ya pamoja. Kabla ya hapo tumemuuliza mwenye duka kama anafikiria kuleta pampu zinazoendeshwa na upepo za kuvutia maji kisimani. Hafikirii.

Jumatatu, 4 Agosti: wiki mbili zilizopita zinasemaje

Matumizi ya kampeni mbili kwa pamoja, 21 Julai hadi 3 Agosti, ni yale yale, karibu shilingi 8,000 kwa siku. Mwenye duka aliuliza pesa iliyookolewa iko wapi, na ni swali la haki. Kampeni ambayo bajeti yake ilikuwa inakwisha kabla ya jioni hairudishi fedha. Inazihamishia kwenye kliki nyingine. Zamani tangazo lilikuwa linazimika kwenye saa tisa alasiri. Sasa linafika usiku, wakati mkulima ametoka shambani na ameshika simu. Anayetaka kuona matumizi yakishuka apunguze bajeti. Orodha ya kuzuia haifanyi kazi hiyo.

Kipimo tunachotumia ni sehemu ya kliki zisizofaa katika zile zinazoonekana. Kliki zinazoonekana ni 181, zisizofaa ni 19, kama moja kati ya kumi. Mwanzoni ilikuwa nne kati ya kumi. Hizo 19 zimetawanyika, kila moja na lake, na hakuna mzizi unaozishika mbili au zaidi. Kuzifuata moja moja kutarudisha ule mchezo wa tiki, kwa hiyo tunaziacha.

Ukaguzi utakuwa kila Jumatatu mpaka mwisho wa Septemba, kisha mara moja kwa mwezi. Sababu ya kutouacha kabisa ni kwamba ulinganifu mpana hautulii; Google ikijifunza jambo jipya kuhusu neno pampu, milango mingine inafunguka bila taarifa.

Bado hatujaamua kuhusu `bomba`. Kwa wengine bomba la maji ni la plastiki la kupitishia maji, kwa wengine ni la kunyunyizia dawa mgongoni, na wapo wazee wanaoita hivyo pampu yenyewe. Kliki zake ni 9, simu 1, na aliyepiga alinunua pampu ya inchi 2 pamoja na mipira yake. Linabaki wazi hadi zifike kliki 30.